Kwa nini buluu yako haikumliza mtu

"Shikamoo Mwalimu. Natayarisha filamu fupi ya dakika 14 hapa Mji wa Kale, Mombasa: msichana, bibi yake, na mjomba anayetaka kuuza nyumba yao ya Kibokoni. Ina maonyesho tisa. Nilichora skripti ya rangi, utepe wa visanduku, kimoja kwa kila onyesho: manjano kwa maonyesho ya furaha (la 1 hadi la 3), buluu kwa ya huzuni (la 4 hadi la 7), kisha manjano tena mpaka mwisho. Tukapiga jaribio kwa simu, nikalitia rangi kwenye kompyuta, nikawaonyesha watu sita. Wote wamesema ni maridadi. Hakuna hata mmoja aliyeguswa na matanga ya bibi, na wawili hawakutambua kwamba amekufa. Je, nizidishe buluu?"

Marahaba, mwanangu. Usiizidishe. Ukiizidisha utapata watu sita wengine wa kukwambia ni maridadi.

Nimeutazama utepe uliouambatisha pamoja na urefu wa kila onyesho, nikapiga hesabu. Buluu inaingia dakika ya nne na nusu, ugomvi wa usiku unapoanza. Matanga yanaanza dakika ya saba na nusu. Basi mtazamaji wako ameshakaa ndani ya buluu dakika tatu nzima kabla ya kufika pale unapotaka aumie, na akifika unamwonyesha buluu ileile aliyokwisha kuizoea. Hapo ndipo kosa lilipo, nalo halitokani na rangi uliyochagua.

Siku moja ya jua kali vaa miwani ya kahawia ukiwa Sabasaba, upande matatu ya kwenda Nyali. Dakika ya kwanza kila kitu ni cha kahawia: barabara, shati la utingo, hata mawingu. Ukifika darajani umeshasahau kwamba una miwani usoni. Shati la utingo limerudi kuwa jeupe. Sasa ivue. Kwa sekunde chache dunia nzima inaelekea kwenye ubuluu, kisha nao unatoweka. Ndani ya jicho kuna chembe za aina tatu zinazopokea rangi. Mwanga wa aina moja ukizidi, chembe zinazoupokea zaidi hupunguza nguvu yake, mpaka kitu cheupe kionekane cheupe tena. Sehemu ya kwanza ya kuzoea huko hutokea ndani ya sekunde chache, na sehemu kubwa huwa imekwisha baada ya kama dakika moja. Ukumbini gizani, skrini ikiwa ndiyo mwanga pekee, jicho hulizoea onyesho vivyo hivyo.

Kwa hiyo mtazamaji haihisi buluu. Anachohisi ni tofauti kati ya alichokuwa akikiona na anachokiona sasa, na tofauti hiyo ina uhai mfupi. Skripti ya rangi, ukiitazama hivyo, ni mpango wa mipaka: kati ya onyesho hili na lile nataka jicho liruke umbali gani, na kuelekea upande upi? Vijisanduku unavichora ili uweze kuiona mipaka hiyo yote kwa mara moja.

Kuna dhana nyingine niliyoiona kwenye utepe wako. Pembeni umeandika "buluu = huzuni, manjano = furaha, nyekundu = hasira", kama orodha ya msamiati wa darasa la tatu. Hapa kwetu nyeupe ni sanda, na nyeupe ni kanzu ya Idi. Nyekundu ni damu, na nyekundu ni kisutu cha bibi harusi. Hakuna aliyewahi kuingia harusini akaona kisutu akaingiwa na hofu. Rangi hupata maana kutokana na kile kilichokuwa nayo mara ya kwanza ndani ya filamu yako wewe, na mtazamaji anaijifunza hapo hapo bila kuambiwa. Nitakuonyesha tunavyoweza kuitumia nafasi hiyo, maana hadithi yako ina kitu kizuri sana ambacho hujakitia kazini bado: lile sanduku la bibi katika onyesho la saba.

Tuanze na kazi yenyewe. Chukua karatasi ndefu, uchore utepe upya, lakini safari hii upana wa kila kisanduku uwe sawa na muda wake. Mimi hutumia sentimita mbili kwa dakika, kwa hivyo filamu yako itakuwa na sentimita 28. Utepe wako wa sasa una visanduku vilivyo sawa, na ndiyo maana hukuona kwamba buluu imemeza dakika saba, nusu ya filamu. Kwa vipimo vya kweli, utaona kipande cha sentimita 14 cha rangi moja na utashtuka mwenyewe.

Kisha weka rangi zote kando uchukue penseli. Jaza utepe kwa kijivu tu, kwa ngazi tano: moja ni karibu na nyeusi, tano ni karibu na nyeupe. Wanafunzi wangu huichukia hatua hii kwa sababu hawakuja kujifunza penseli, lakini mwanga na giza ndivyo vinavyolishika jicho kwanza. Nimeugeuza utepe wako kuwa kijivu kwenye simu: maonyesho yote tisa yako ngazi ya tatu. Manjano yako na buluu yako zina mwanga sawa. Umebadilisha jina la rangi, na chini yake hakijabadilika kitu.

Baada ya kijivu, fuata ukolezi: rangi imekoza au imechujuka? Neno hili la kuchujuka nalipenda kwa sababu kila aliyefua leso analijua. Leso mpya na leso iliyofuliwa mwaka mzima zina rangi ileile, lakini hazikupi hisia moja. Iliyokoza hukusukuma, iliyochujuka hukuacha. Jina la rangi, yaani kama ni buluu au zambarau au damu ya mzee, liamue mwisho kabisa.

Sasa filamu yako. Swali la kwanza ninalouliza ni hili: katika mipaka minane iliyopo kati ya maonyesho tisa, ni upi ambao mtu akiukosa, filamu imekufa? Kwako ni mpaka kati ya la tano na la sita. Onyesho la tano, bibi anaugua usiku uleule wa ugomvi. Onyesho la sita, matanga. Katika skripti hakuna anayetamka kwamba bibi amefariki, na nakusihi usimtie mtu wa kulitamka. Mpaka huo ndio utakaosema. Basi tunajenga kuanzia hapo, tukienda nyuma na mbele.

Ugomvi wa usiku (la nne) na ugonjwa wa bibi (la tano) ni dakika tatu kwa pamoja. Zitoe kwenye buluu. Zifanye za giza na za joto: ngazi ya pili, kisha ya kwanza, rangi ya chungwa iliyoungua, kahawia, damu ya mzee kwenye pembe za chumba. Taa moja tu ya njano juu ya meza. Katika la tano taa hiyo ibaki nyuma, mlango nusu wazi, na ngazi za mbao zikimezwa na giza. Dakika tatu za mwanga wa namna hii zinalifanya jicho la mtazamaji lilizoee chungwa kabisa. Hatalijua. Litakuwa limekuwa nyeupe yake, kama ile miwani.

Halafu unakata. Uani, mchana wa saa sita, ukuta wa chokaa, mikeka, kanzu. Ngazi ya tano. Hakuna rangi yoyote iliyokoza. Macho ya mtazamaji, yaliyokuwa yamefunguka kwa ajili ya giza, yanapigwa na mwanga mpaka anataka kuyakunja. Na kwa kuwa alikuwa amezoea chungwa, ule weupe wa kawaida wa chokaa utamjia ukiwa na ubaridi, unaelekea kwenye ubuluu, ingawa hujaweka buluu hata tone. Umeipata bure, na umeipata mahali pamoja tu unapoihitaji.

Lakini ina masharti mawili. Ubaridi huo utafifia ndani ya sekunde chache, kwa hivyo picha ya kwanza kabisa ya matanga ndiyo ibebe habari. Usiipoteze kwa kuonyesha mlango au anga au kunguru. Mimi ningeweka kiti cha bibi kikiwa kitupu katikati ya watu waliokaa mikekani. Sharti la pili ni la ukweli tu: nguvu hii ni ya ukumbi wenye giza. Mtu anayetazama kwa simu akiwa kwenye feri ana mwanga mwingine chungu nzima wa kulitulizia jicho, na yeye atapata sehemu ndogo ya mshtuko huo. Kwake kitakachofanya kazi zaidi ni tofauti ya mwanga na giza, na ndiyo maana tulianza na penseli.

Utaniuliza: na buibui nyeusi za akina mama je, si zitarudisha giza? Hazitarudisha, mradi eneo lao liwe dogo. Weusi mdogo kwenye weupe mkubwa huufanya weupe uonekane mweupe zaidi. Waweke pembezoni mwa fremu, chini ya kivuli cha baraza la ndani, na uuache ukuta uchukue zaidi ya nusu ya picha.

Mpaka mwingine wa kufikiria ni ndani ya onyesho la saba. Nyumba imebaki tupu, na msichana anafungua sanduku. Tangu matanga yaanze tumekaa na chokaa, majivu na mbao zilizopauka. La saba litakuwa vivyo hivyo, ila limeshuka hadi ngazi ya tatu, kama nyumba iliyofungwa madirisha. Mpaka kifuniko kinyanyuke, mtazamaji atakuwa ameishi bila nyekundu kwa zaidi ya dakika tatu. Hapo ndani weka kisutu cha bibi: nyekundu, nyeusi, nyeupe, kile alichoolewa nacho. Kipande kidogo tu, kiganja kimoja kati ya fremu nzima.

Nyekundu hiyo itawaka kuliko ilivyo. Mwaka 1839 Mfaransa Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika karakana ya mazulia ya Gobelins huko Paris, alichapisha kitabu kilichotokana na malalamiko ya wateja kwamba baadhi ya nyuzi, hasa nyeusi, hazina nguvu. Alipozichunguza akakuta nyuzi hazina kasoro. Tatizo lilikuwa rangi zilizofumwa jirani yake. Rangi hutazamwa pamoja na jirani zake kila mara. Kisutu chako kikiwa katikati ya soko la Marikiti ni kitambaa kimoja kati ya mia. Kikiwa juu ya mbao za kijivu ni bibi amerudi.

Na hapa ndipo unapovuna ile maana niliyokuwa nikiisema. Katika onyesho la kwanza, jikoni, bibi akiwa anakaanga mahamri, mfunge kisutu hicho hicho kiunoni. Asikitaje mtu. Baada ya hapo nyekundu iliyokoza isionekane tena popote mpaka sanduku. Ndiyo, hata sokoni katika la pili, ambako utataka kutia kila rangi ya duniani: acha manjano, kijani cha ndizi, zambarau, chungwa la maembe, lakini nyanya na pilipili nyekundu ziondoke mbele ya kamera. Kwenye giza la la nne na la tano pia, damu ya mzee iwe nzito kiasi kwamba hakuna atakayeiita nyekundu. Kuinyima rangi nafasi ni kazi kubwa kuliko kuiweka.

Onyesho la pili na la tatu sitayasemea sana. La pili liwe ndilo lenye mwanga na rangi nyingi kuliko yote ya mwanzo, ngazi ya nne. La tatu, mjomba anapoleta habari yake, liwe ni jikoni lile la asubuhi lakini limetolewa vitu: sinia la matunda halipo, pazia limefungwa, bibi amejitanda nguo ya rangi ya ugoro. Watu hawatajua kilichobadilika. Mabadiliko ya polepole namna hii hayashtui mtu, na mimi siyategemei yafanye kazi peke yake. Huandaa tu.

Mwisho wako ndio uliokuwa na kosa ninaloliona mara nyingi. Umerudisha manjano ileile ya mwanzo, kipimo kwa kipimo. Msichana amefiwa, nyumba imeuzwa, anaondoka, nawe unatuambia kwamba tumerudi asubuhi ya mahamri. Onyesho la nane, mazungumzo ya barazani na mjomba, lipe rangi za wastani, za jioni, bila kukoza. La tisa, kwenye feri ya Likoni alfajiri, ndilo ulipe buluu. Samawati safi, yenye mwanga, ngazi ya nne. Ile rangi uliyoimwaga dakika saba kwa ajili ya huzuni, ukiibana mpaka dakika ya mwisho itakuwa mpya kabisa machoni, na itakuwa na maana ambayo haikuwepo kwenye orodha yako. Binafsi sijui niiite nini: pumzi, labda.

Tukija kwenye kupiga, kuna kitu nakishuku sana katika jaribio lako. Ulitumia simu, na simu ikiachwa ijiamulie, hurekebisha weupe wake kila mara. Kwenye kamera nyingi utaiona imeandikwa AWB. Kazi yake ni kufanya kile ambacho jicho hufanya: kuona chungwa imezidi na kuiondoa. Maana yake skripti yako ya rangi ilikuwa ikifutwa na mashine kabla hujafika kwenye kompyuta, kisha ukaja kuimwaga upya juu ya picha nzima, nyuso zikiwemo. Izime. Mchana wote weka kipimo cha rangi ya mwanga kuwa 5600K na usikiguse. Usiku, taa ya njano ikiwa ya 2700K, weka kamera 4000K hivi, chungwa litabaki. Ukiiweka kamera 2700K nayo, taa itageuka nyeupe na umepoteza usiku wako. Zuia na mwangaza usijibadilishe wenyewe, la sivyo kamera italifanya giza la onyesho la tano kuwa la kijivu.

Balbu zenyewe soma boksi. Nyingi zinazouzwa madukani mwetu ni nyeupe kali, 6500K, na hizo haziwezi kukupa usiku wa chungwa kwa dawa yoyote. Tafuta ya 2700K au 3000K. Kwenye boksi hilo hilo, kama imeandikwa Ra, kipimo cha uaminifu wa taa katika kuonyesha rangi, chagua yenye 90 au zaidi. Balbu rahisi huwa na upungufu wa nyekundu ndani ya mwanga wake, na ngozi zetu zina wekundu mwingi. Chini ya balbu hizo uso mzuri wa kahawia hugeuka kama uliopakwa majivu. Nilishawahi kupaka ukuta wa chumba kizima rangi ya ugoro, mchana, nikaridhika nao, na usiku chini ya taa za bei nafuu ukawa kijani cha kinamasi. Tulipaka upya saa nane za usiku, na aliyelipia rangi ni mimi.

Hilo la ngozi lisikilize. Uso ndio rula ya mtazamaji. Ukiupaka uso buluu kama ulivyofanya, anapoteza kipimo cha kulinganishia na anaona "filamu imetiwa buluu", basi. Uso ukibaki wa kuaminika huku ukuta, nguo na mwanga vikibadilika, anaona dunia ya mtu huyu imebadilika. Kwa hivyo asilimia kubwa ya skripti yako itekelezwe kwa chokaa, vitambaa, balbu na saa ya kupiga, na kompyuta imalizie tu.

Saa ya kupiga, hapa Mombasa, ina tabia zake. Tuko karibu nyuzi nne kusini mwa ikweta, jua linashuka karibu wima, na ule mwanga wa dhahabu wa jioni unaosifiwa kwenye video za wenzetu wa mbali haumalizi nusu saa kwetu. Tangu jua likiwa nyuzi sita juu ya upeo hadi lizame ni kama dakika 25 hadi 28. Onyesho la nane lina dakika moja na nusu ya mazungumzo. Usilipange lote kwa jua lenyewe. Piga picha pana ndani ya dakika hizo, na nyuso zipige baadaye kivulini kwa taa ya joto. Alfajiri ya feri ni hivyo hivyo: ile samawati kabla ya jua kuchomoza hukupa dakika ishirini hivi. Panga asubuhi mbili, na kibali kiwe mkononi kabla ya siku.

Matanga ni kinyume chake, una muda wa kutosha. Jua la hapa hufika juu kabisa kama saa sita na dakika ishirini hivi, na karibu tarehe kumi Machi na mwanzoni mwa Oktoba hupita utosini kabisa. Uani utajaa mwanga kuanzia saa tano na nusu hadi saa saba na nusu. Tatizo ni kwamba jua la utosini hugeuza macho ya watu kuwa mashimo meusi. Tandaza shuka jeupe juu ya waigizaji, nje ya fremu; mwanga utalainika na weupe utaongezeka. Ukuta kama una ukungu wa kijani, upake chokaa wiki moja kabla ukauke vizuri.

Na kabla ya kila picha, mtu mmoja awe na kazi moja: kuondoa mitungi. Ile ya manjano, ya lita ishirini. Iko kila uani, kila mlangoni, kila mkokoteni, na macho yetu yameizoea kiasi kwamba hatuioni mpaka tufike kwenye uhariri. Manjano moja iliyokoza kwenye matanga yako ya chokaa, na jicho la ukumbi mzima litaenda kwenye mtungi badala ya kiti kitupu. Ndoo nyekundu kabla ya sanduku kufunguliwa ni mbaya zaidi.

Utajuaje kama imefanikiwa? Usiwaulize watu kama ni nzuri, ulishauliza ukaona. Toa fremu moja kwa kila onyesho, zipange kwa mfuatano, punguza ukubwa mpaka kila moja iwe kama ukucha wa dole gumba, ukae mita mbili mbali nazo. Mpaka wa tano na sita unapaswa kukurukia bila kutafuta. Zigeuze kijivu, bado unapaswa kukurukia. Kisha tafuta mtu asiyeijua hadithi, mwonyeshe maonyesho ya nne hadi ya saba bila sauti, na umuulize swali moja tu: bibi yuko wapi? Akijibu bila kusita, rangi zako zimesema. Akisema "labda amelala", rudi kwenye penseli kabla ya kugusa rangi.

Kuna kikomo nami nikubali. Njia hii ya kukata kutoka giza hadi weupe ni ya nguvu, na nguvu haifai kila hadithi. Kama mwelekezaji mwenzako anataka kifo cha bibi kijulikane polepole, mtu akigundua mwenyewe katikati ya matanga, basi mpaka uwe mlaini: onyesho la tano limalizikie alfajiri, ngazi ya tatu, na la sita lianze kivulini. Utapoteza mshtuko utapata ukimya. Siwezi kukuchagulia nikiwa huku. Ninachojua ni kwamba ukijaribu vyote viwili kwa pamoja hutapata chochote.

Mambo mawili ukae na mtu ana kwa ana. La kwanza ni mpiga picha wako. Nenda naye kwenye nyumba hiyo mchana na usiku, mkiwa na balbu mtakazotumia, na mpige sekunde kumi za kila chumba kabla ya kununua rangi ya ukuta. Mkitumia kamera mbili za aina tofauti, au filamu ikipata nafasi ya kuonyeshwa ukumbini kwenye skrini kubwa, mlipe mtu wa kusahihisha rangi angalau siku moja, kwenye skrini iliyopimwa. Laptopu yako haiwezi kukwambia ukweli kuhusu ngazi ya kwanza na ya pili, na giza lako la onyesho la tano linaweza kugeuka shimo jeusi.

La pili ni macho ya atakayekaa kwenye kompyuta. Umeandika kwamba kaka yako ndiye anayetia rangi, na kwenye jaribio nyuso zina kijani ambayo nyinyi wawili hamkuitaja kabisa. Inaweza kuwa balbu. Inaweza pia kuwa yeye ni miongoni mwa wasioweza kutofautisha vizuri nyekundu na kijani, jambo linalowapata wanaume zaidi kuliko wanawake, na wengi huishi nalo bila kujua. Daktari wa macho ana kipimo cha kurasa zenye vitone na nambari, Ishihara, cha dakika chache tu. Akikutwa nalo asivunjike moyo, ila wewe ukae kando yake siku ya kisutu.

Ukishapiga, nitumie fremu tatu tu: ya mwisho ya onyesho la tano, ya kwanza ya la sita, na ile ya sanduku likiwa wazi. Zitume kama zilivyotoka kwenye kamera, kabla hamjazigusa.